Ushahidi wa Mwalimu wa Fizikia

Ukitaka kuniudhi asubuhi na mapema, niambie mwanafunzi fulani ni hodari sana, halafu unyamaze. Nitakungoja uendelee. Usipoendelea nitakuuliza: hodari, amefanya nini? Wenzangu katika chumba cha walimu wamenizoea, na wengine wakiniona nakuja na kikombe changu cha chai wanajifanya wanasahihisha madaftari. Wananiita hakimu. Mimi sikuiomba kazi hii. Mkuu wa shule alinibebesha juu ya vipindi vyangu vya Kiingereza, akaniambia ni heshima. Tangu hapo kila barua ya kumpendekeza mwanafunzi wetu kwa chuo cha ng'ambo lazima ipitie kwangu kabla ya kutumwa.

Shule yetu ni ya kutwa, imejificha nyuma ya Jogoo Road, na ofisi niliyopewa ilikuwa stoo ya ramani. Dirisha lina nondo. Mlango haufunguki wote kwa sababu kuna kabati la chuma ambalo hakuna mtu amewahi kuthubutu kulihamisha. Mgeni akiingia na kuketi, mimi siwezi kutoka mpaka yeye asimame kwanza. Nimeketi humo na wazazi wanaolia, na wasichana wanaodanganya, na mara moja na mchungaji aliyetaka mpwa wake apelekwe Kanada, na wote hao nimewasikiliza hadi mwisho kwa sababu sikuwa na pa kupitia.

Barua ninayotaka kuisimulia ilihusu msichana wa Makongeni. Alikuwa amekwishafanya mtihani wa kidato cha nne na kupasi vizuri mno, na alikuwa akija shuleni kutumia kompyuta zetu kuomba chuo. Alitaka uhandisi. Kulikuwa na ufadhili mmoja wa kigeni uliolipa kila kitu, tangu tiketi ya ndege hadi blanketi, na kwake ulikuwa huo au hakuna. Mama yake anashona viatu sokoni Kariokor, vile vya ngozi na vile vya tairi, na hakuna mjomba wala shangazi wa kuchangisha. Alama za mtihani hazingetosha, maana kila aliyeomba alikuwa na alama kama zake. Kilichobaki cha kumtofautisha ni insha yake, ripoti yangu ya shule, na barua ya mwalimu mmoja wa sayansi aliyemfundisha miaka ya mwisho.

Mwalimu huyo hakuwa wa kuchagua. Yule wa Hisabati alikuwa amehamishwa, mwingine wa Kemia alikuwa mgeni kwetu. Alibaki wa Fizikia, mzee wa suti ya kijivu anayekaribia kustaafu, ambaye amefundisha mitaa hii yote ya Eastlands hadi amewafundisha wazazi wa wanafunzi wake. Mimi pia alinifundisha. Mpaka leo akiingia chumbani nikiwa nimeketi, miguu yangu inasimama yenyewe kabla sijaiambia.

Barua yake ya kwanza alinipa mkononi, imechapwa, imekunjwa mara tatu. Msichana hakuruhusiwa kuiona. Alikuwa ametia alama kwenye fomu ya chuo kwamba anaacha haki ya kuisoma, na tunawashauri wote wafanye hivyo, kwa sababu wasomaji wa huko wanaiamini zaidi barua ambayo mwanafunzi hakuichungulia. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili tu wenye ruhusa ya kujua kilichomo, mzee na mimi.

Ilikuwa barua nzuri kwa masikio. Msichana huyu ana bidii. Ana nidhamu. Ana heshima kwa wakubwa na upendo kwa wadogo. Ni mcha Mungu. Ni kiongozi wa kuzaliwa. Nampendekeza bila kusita hata kidogo. Ndivyo vyeti vyetu vya kumaliza shule vinavyoandikwa tangu zamani, na mwenye kiwanda pale Industrial Area akisoma hivyo anaridhika, maana anachotaka kujua ni kama mtu ataiba. Wale wa ng'ambo wanasoma lundo la barua, na kila mwanafunzi kwenye lundo ni kiongozi wa kuzaliwa.

Ninayo njia yangu ya kupima. Nachukua penseli, napiga mstari chini ya kila sifa, na pembeni naandika: lini? wapi? nani aliona? Halafu nafunika jina la mwanafunzi kwa kidole na kuisoma tena, nikimfikiria mwingine wa darasa lile lile. Ikiwa barua inamfaa na yeye, basi si ya mtu yeyote. Ile ya mzee nilipoifunika jina iliwafaa wote wa kidato kizima. Ingenifaa hata mimi nilipokuwa na miaka kumi na saba, na mimi Fizikia nilikuwa naikimbia.

Nilimfuata maabara wakati wa chai ya saa nne. Alikuwa akipanga betri zake kwenye sanduku, na mandazi yake yalikuwa juu ya gazeti. Nikamsalimu, nikamuulizia mkewe, nikamuulizia mgongo. Kisha nikasema nilivyojua kusema.

"Mwalimu, barua ni nzuri. Ila watataka mfano. Kitu kimoja tu ulichomwona akifanya kwa macho yako. Ushahidi."

Aliiweka betri chini polepole.

"Ushahidi? Kwani tuko Makadara mahakamani? Mimi nimesema msichana ni mzuri, na mimi ni mwalimu wake. Nani mwingine anatakiwa kuapa?"

"Hakuna anayekushuku, Mwalimu. Ni vile wao wanavyosoma."

"Wao hawanijui."

"Ndiyo hivyo, Mwalimu. Hawakujui."

Hilo halikumpendeza. Lakini ni mtu wa kazi, na siku iliyofuata aliniletea barua ya pili. Niliisoma nimesimama pale pale mlangoni pangu, nikasahau hata kumshukuru. Kulikuwa na aya nzima mpya. Kengele ya shule iliharibika wakati wa mitihani ya mwigo, aliandika, na msichana huyu akachukua waya wa redio iliyokufa, akauzungushia msumari mkubwa, akaunga na betri za maabara na kifuniko cha sufuria, na kwa muda wote wa mitihani shule nzima ilianza na kumaliza karatasi kwa kengele yake. Mzee aliandika jinsi msichana alivyosugua ncha ya waya mpaka cheche zikapungua. Aliandika jinsi alivyokataa kusaidiwa. Nilitamani kuimba. Sasa hii, nilisema, hii ndiyo barua.

Ripoti ya shule ilikuwa jukumu langu, nami kwa ajili hiyo huwa namwomba mwanafunzi anipe karatasi ya mambo aliyoyafanya kwa miaka minne: vilabu, michezo, kazi za nyumbani, chochote. Msichana alikuwa ameniletea yake. Jioni ile, kabla ya lango kufungwa, niliisoma nikitafuta kengele ili ripoti yangu na barua ya mzee zishikane mikono. Klabu ya mjadala ilikuwepo. Kumsaidia mama sokoni siku za Jumamosi ilikuwepo. Kengele haikuwepo.

Nilijiambia ni unyenyekevu. Wasichana wetu tunawafundisha kutojisifu na halafu tunawashangaa wasipojisifu. Kesho yake nilimwita. Akaingia, akaketi, nikawa nimefungiwa. Sikuwa na ruhusa ya kumwambia kilichomo ndani ya barua, kwa hiyo nilizunguka.

"Ile kengele ya wakati wa mitihani," nikasema, "ile ya waya na kifuniko cha sufuria. Unaikumbuka?"

Akatabasamu. "Aki Madam, ile ilikuwa moto! Sisi tulikuwa Fomu Wani, tulikuwa tunaenda kuichungulia maabara."

"Ni nani aliyeitengeneza?"

"Si ni ule dada mrefu wa Fomu Tatu, naye alikuwa anaishi Makongeni. Watu walikuwa wanasema tunafanana."

Nilitazama nondo za dirisha. Mzee hakuwa amedanganya. Alikuwa amekumbuka kwa ukweli wote, kifuniko, cheche, na yote, ila alikuwa amemkumbuka msichana mwingine. Wasichana wawili warefu wa mtaa mmoja walikuwa wamepita katika maabara ile, na kichwani mwake wakawa mmoja. Mimi ndiye niliyemsukuma aseme mfano, akaenda kuutafuta huko ndani, akarudi na huo.

"Na wewe?" nikamuuliza msichana. "Kuna kitu umewahi kufanya kwa Fizikia? Chochote. Hata kama si kikubwa."

Tabasamu likazimika. "Hakuna, Madam."

"Miaka minne, hakuna?"

"Fizikia mi nafanya tu mtihani. Mwalimu hanipendi." Aliangalia viatu vyake, vile vya tairi, vimeshonwa vizuri kuliko vyangu vya dukani. "Tulikosana juu ya uzi."

Nikamwambia anieleze, na akaeleza kama mtu anayeungama. Ilikuwa ni jaribio la pendula, lile ambalo kila mwanafunzi wa Kenya amelifanya: kipande cha shaba kinaning'inizwa kwa uzi, unapima urefu wa uzi, unakibembeza, unapima muda kwa saa, na mwishoni hesabu inakupa nguvu ya mvutano wa dunia. Jibu linajulikana. Ni tisa nukta nane. Kwa kuwa linajulikana, wanafunzi wanalipika. Wanaanza na tisa nukta nane, wanarudi nyuma na kujaza muda unaolingana nalo, na kila meza inapata jibu safi. Hakuna mwalimu asiyejua. Tunalitazama na kulipatia alama.

Yeye alipata tisa nukta tano. Akarudia, ikaja ile ile. Wenzake wakamwambia apike, amalize, waende nyumbani. Hakupika. Aliupima uzi tena ukiwa umening'inia na shaba, akakuta umerefuka karibu sentimita tatu kuliko ulivyokuwa juu ya meza. Ulikuwa uzi laini wa nailoni, wa bei ya chini. Mtoto aliyekulia chini ya meza ya fundi wa viatu anaijua nailoni.

"Mama hawezi kushonea hiyo, Madam, inavutika. Nikamwambia Mwalimu hii tisa nukta nane ya wengine wamepika, kwa sababu na huu uzi haiwezi kutokea. Nikasema mbele ya darasa." Akarudi kuangalia viatu. "Sikufaa kusema mbele ya darasa."

"Akafanya nini?"

"Akasema nina kiburi. Akanitoa nje. Kesho yake nikaleta uzi wa mama, ule wa kupakwa nta, nikafanya peke yangu saa ya lanchi, ikatoka tisa nukta nane. Nikamwachia karatasi kwa meza. Akanipa sita juu ya ishirini kwa ile ya kwanza, na hiyo ingine hakusema kitu. Mama akaitwa. Akanifanya nimwombe Mwalimu msamaha nikiwa nimepiga magoti."

Hakulia. Ningependa angelia, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu kulia, kwa hasira. Hapa ndipo ulipokuwa ushahidi wote. Hakuna chuo cha uhandisi duniani ambacho kingesoma habari ya uzi ule na kumpita msichana huyu. Na mtu mmoja tu aliyekuwa na haki ya kuiandika ni yule ambaye, akiiandika, angekuwa anaandika kosa lake mwenyewe.

Msichana aliposimama kuniachia njia, sikutoka. Niliketi humo stoo ya ramani nikazihesabu njia zangu, na kila moja ilikuwa imezibwa. Nikiiacha barua ya kengele iende, nampeleka kwa uongo, na siku ya mahojiano watamuuliza juu ya cheche na yeye atawatazama tu, maana si mtoto wa kupika. Nikirudisha barua ya kwanza, atazama kwenye lundo na wacha Mungu wenzake. Nikiandika habari ya uzi kwenye ripoti yangu, nitakuwa nimeandika nisichokiona, na barua ya mzee itasimama pembeni ikisema kengele. Na kiungo cha kupakia barua kilikuwa kimetumwa kwa mzee mwenyewe, kwenye barua pepe yake. Angeweza kukibonyeza wakati wowote. Ikishaingia hakuna kuirudisha, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea barua.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikitumaini kwamba kwa mara moja mtu mwingine angeubeba mzigo. Alinisikiliza huku akitia sahihi karatasi nyingine.

"Kengele ilitengenezwa katika shule hii?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na msichana mwerevu wa shule hii?"

"Ndiyo, lakini si huyu."

"Basi itume. Nani huko atajua? Na usimsumbue mzee, tunamwandalia sherehe ya kustaafu."

Nilitoka pale nimekasirika hata nikampita mlinzi bila kumsalimu. Nilikasirika na mkuu, na mzee, na hata na msichana kwa kukataa kupika kama wenzake. Ni aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Angepika tu, angekuwa na alama ishirini na mwalimu anayempenda.

Alhamisi nilikwenda maabara. Safari hii sikumuulizia mgongo. Alikuwa peke yake, anafuta ubao.

"Mwalimu, kengele haikuwa yake."

Akaendelea kufuta.

"Ilikuwa ya yule mwingine mrefu, aliyemtangulia. Wote ni wa Makongeni."

Mkono wake ukasimama. Nikamwona akienda kuangalia huko ndani ya kichwa chake, na nikamwona akifika. Uso wa mtu mzima ukigundua hivyo si kitu cha kutazama. Nikatazama betri.

"Nimefundisha watoto wengi," akasema.

"Najua, Mwalimu."

"Unaniambia nimezeeka."

"Nakuambia wamefanana. Hata wao wenyewe waliambiwa wanafanana." Nikavuta pumzi. "Mwalimu, huyu wako ni yule wa uzi."

Sikuhitaji kueleza. Alivuta kiti akaketi, suti yake ya kijivu ikiwa na chaki hadi kwenye kiwiko. Nje, kipindi kilikuwa kimekwisha na wasichana walikuwa wakipita kwa kelele, na hakuna aliyeingia.

"Alinitukana mbele ya darasa," akasema.

"Alikuwa amekosea?"

Akaniangalia namna aliyoniangalia nikiwa kidato cha pili na kazi yangu haijafanywa, na miguu yangu ikataka kuondoka. Nikaizuia. Nikamwambia yote kwa mara moja kabla sijaogopa: kwamba ufadhili ni huo mmoja tu, kwamba sifa nyingi hazitamsaidia, kwamba jambo moja la kweli lingemsaidia, na kwamba jambo hilo analo yeye pekee.

"Unataka niwaandikie Wazungu kwamba mimi nilimpa sita mtoto aliyekuwa sawa."

"Nataka uwaandikie alichofanya."

"Ni kitu kimoja."

"Ndiyo, Mwalimu. Ni kitu kimoja."

Akasimama, akachukua duster, akarudi kwenye ubao ambao tayari ulikuwa safi. "Kiungo ni changu," akasema bila kugeuka. "Nitatuma nitakachotuma. Nenda, una kipindi."

Sikuwa na kipindi. Nilikwenda.

Siku ya Ijumaa nilifundisha kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Niliwaambia wanafunzi waandike insha, nikakaa nikitazama mlango. Sikuwa na la kufanya tena, na hilo mimi siliwezi. Afadhali unipe madaftari ya shule nzima nisahihishe. Nilipomwona msichana karibu na chumba cha kompyuta akiniinulia nyusi kuuliza kama mambo ni sawa, nilimwinulia mkono kama askari wa barabarani, ishara ambayo haikuwa na maana yoyote. Ningemwambia nini? Kwamba maisha yake yako mikononi mwa mtu ambaye yeye anadhani hampendi, na kwamba pengine kweli hampendi?

Mchana mzee alituma mtu kuniita. Alikuwa kwenye kompyuta ya chumba cha walimu, miwani kwenye ncha ya pua, anachapa kwa vidole viwili.

"Soma," akasema. "Usiguse."

Nikasoma juu ya bega lake. Aliandika kwamba kwa miaka mingi amefundisha jaribio la pendula na kupokea jibu moja kutoka kwa kila mwanafunzi, akijua kuwa wengi hawakulipima. Aliandika kwamba mwanafunzi mmoja alimletea tisa nukta tano. Akaeleza uzi, urefu juu ya meza na urefu ukiwa umening'inia, na jinsi alivyorudi kesho yake na uzi wa kushonea viatu uliopakwa nta, na kilichotokea. Hesabu yake aliiweka yote, safi, kama ubaoni. Kisha: "Nilimpa alama sita kati ya ishirini na kumwadhibu kwa kiburi. Alikuwa sahihi, na mimi nilijua siku ile ile kwamba alikuwa sahihi, kwa sababu karatasi yake niliisoma. Ninayo hadi leo. Katika kazi yangu yote sijamwona mwanafunzi mwingine aliyechagua jibu lake baya badala ya jibu zuri la wengine."

Chini kabisa alikuwa ameacha sentensi moja kutoka barua ya kwanza. Ni mcha Mungu.

"Hiyo nayo unataka ushahidi?" akaniuliza.

"Hiyo iache, Mwalimu."

Akabonyeza. Mduara ukazunguka kwenye skrini kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kwa sababu mtandao wetu ni mtandao wetu, kisha ukaandika imepokelewa. Mzee akavua miwani na kwenda darasani.

Msichana alipata mahojiano, na baada ya mahojiano alipata nafasi. Siku aliyokuja kuniambia alinikumbatia kwa nguvu hadi kabati la chuma likalia. Halafu akaketi, akiwa na swali.

"Madam, wale watu waliniuliza juu ya uzi. Karibu saa yote tuliongea juu ya uzi. Walijuaje? Ni wewe uliwaambia?"

"Siwezi kukueleza yaliyoandikwa."

"Basi ni wewe." Akacheka. "Asante sana. Yule mzee lazima aliandika nina kiburi, ukanikomboa."

Alikuwa ametia alama kwenye kile kisanduku cha kuacha haki ya kuisoma kwa ushauri wangu mwenyewe. Barua si yangu. Mwenye barua angeweza kumwonyesha akitaka, lakini mimi siwezi, na nisingeweza hata kumwambia kwa nusu, kwa sababu huyu angeimalizia nusu ya pili kabla hajafika langoni. Nikamsikia akieleza mipango yake ya safari, na mawazo yangu nusu hayakuwepo.

"Umewaaga walimu?" nikamuuliza mwishoni.

"Wote. Isipokuwa yeye." Akainuka kuniachia njia. "Ataona ninaringa."

Mzee aliniuliza siku hiyo hiyo, wakati wa kufunga. Aliuliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Yule msichana alikuja?"

"Alikuja. Amerudi nyumbani."

"Sikumwona."

"Anafikiri hutaki kumwona, Mwalimu. Anafikiri uliandika vibaya na mimi nikakusahihisha."

Akakunjakunja gazeti lake. "Nilishaandika," akasema.

"Uliwaandikia wageni. Yeye hajasoma."

Nilidhani atanifukuza tena. Badala yake akaniuliza, "Mama yake anashona upande gani pale Kariokor?"

Nikamwelekeza. Jumatatu alikuja gwarideni na suti yake ya kijivu, soksi nyeusi, na viatu vipya vya tairi. Wasichana walikuwa wakikanyagana ili waone. Mkuu wa shule alijifanya hajaona. Nilijisogeza mpaka nikasimama karibu naye wakati wa wimbo wa taifa, jambo lisilofaa, na ulipokwisha nikamnong'oneza.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta mama. Msichana alikuwa ndani anachonga soli, akatoka."

"Ukamwambia nini?"

Alitazama mbele, kwenye bendera. "Nilimwambia uzi ule ulikuwa unavutika."

"Naye?"

"Akasema, 'Najua, Mwalimu.'"